Jointi ya waya inapata moto, inakatika-katika au umeme unafika umechoka: jinsi ya kupata chanzo na kuchagua jointi inayofaa

Jointi mbaya mara nyingi haikati umeme moja kwa moja, na ndiyo maana inasumbua. Taa inawaka, lakini hafifu. Pampu inazunguka, lakini maji hayapandi. Mita ukiiweka inalia "piiip" kuonyesha waya ni mzima, unafunga tepu na kuondoka, kesho yake unaitwa tena. Mwongozo huu umepangwa kwa dalili. Ndani ya kila dalili nimeanza na chanzo kinachotokea sana na kumalizia na kile cha nadra, kwa hiyo usiruke hatua za mwanzo kwa kuziona nyepesi mno.

Nyaya nitakazozungumzia zaidi ni za volti 12 na 24: betri, gari, sola, pampu ndogo. Umeme wa nyumbani wa volti 230 nitaugusa pale tabia ya jointi inapofanana, nami nitasema wazi mahali pa kuishia.

Kabla hujagusa kitu

Kwa umeme wa nyumbani, zima sakiti breka, kisha hakikisha kwa mita kwamba waya hauna umeme. Ijaribu mita kwanza mahali penye umeme unaoujua, kwa sababu mita iliyoisha betri nayo husoma sifuri. Kwa betri, ondoa hasi kwanza, na ukimaliza iwe ya mwisho kurudishwa. Usidharau volti 12: haikurushi, lakini betri ya gari ikipigwa shoti na bisibisi hutoa mamia ya ampea, na pete ya kidoleni hugeuka kaa la moto kabla hujaivua.

Dalili ya kwanza: kifaa kinafanya kazi, lakini kinyonge

Nitakaa hapa kwa muda, kwa sababu kipimo cha dalili hii ndicho kitakachokusaidia katika zote zinazofuata.

Vyanzo kwa mpangilio wa kutokea kwake ni hivi. Cha kwanza ni jointi iliyosokotwa kwa mkono na kufungwa tepu. Cha pili ni temino iliyobanwa na koleo la kawaida badala ya koleo la kubania temino. Cha tatu ni skrubu ya konekta iliyolegea. Cha nne ni waya wenyewe kuwa mwembamba kwa urefu huo, na hapo hata jointi bora duniani haitakusaidia.

Ukaguzi mwepesi ni wa vidole. Endesha kifaa kwa dakika kumi, kizime, zima na umeme, halafu pitisha mkono juu ya waya wote. Jointi nzuri ina joto sawa na waya ulioko kando yake. Ile iliyo na joto kuliko waya wake ndiyo mshukiwa. Waya wote ukiwa na joto sawasawa kutoka mwanzo hadi mwisho, tatizo ni unene wa waya.

Kipimo chenyewe sasa. Usitumie oma, wala ile sauti ya mlio. Waya wa nyuzi thelathini ukibaki na uzi mmoja tu uliogusana, mita italia vilevile, kwa sababu mita hupitisha umeme kidogo sana na uzi mmoja unautosha. Weka mita kwenye volti za DC, washa kifaa kifanye kazi yake kamili, kisha weka ncha moja ya mita upande huu wa jointi na ncha ya pili upande wa pili wa jointi hiyohiyo. Hapo mita inakuonyesha volti zinazopotea ndani ya jointi peke yake. Kwa mzigo wa ampea chache, jointi nzuri husoma sehemu moja au mbili tu za mia za volti, yaani 0.01 au 0.02. Ikisoma 0.2 ianze kukutia shaka. Ikisoma volti nzima, umempata mwizi. Ncha za mita ziguse shaba yenyewe. Kama jointi imefunikwa, toboa ganda kidogo kwa pini kila upande, na ukimaliza ziba matundu hayo.

Chukua mfano wa pampu moja niliyoitiwa. Ni ya volti 12, ipo mita 8 kutoka kwenye betri, waya ni wa milimita za mraba 4, na kuna jointi mbili katikati, moja ya chanya na moja ya hasi. Mwenye pampu alikuwa ameshabadilisha betri. Pampu ikiwa inafanya kazi, betri ilisoma 12.4 na kwenye pampu nilipata 10.0. Volti 2.4 zilikuwa zinapotelea njiani, na ampea zilikuwa 6.

Kwanza nikaupigia waya hesabu, ili nisiusingizie. Waya wa shaba wa milimita za mraba 4 una upinzani wa kama oma 0.0046 kwa kila mita. Kwenda na kurudi ni mita 16, kwa hiyo ni oma 0.074. Zidisha kwa ampea 6 upate volti 0.44. Hiyo ni haki ya waya. Fyuzi na kishikizi chake vilisoma 0.10. Jointi ya hasi ilisoma 0.26. Jointi ya chanya ilisoma 1.60. Jumlisha: zinatimia 2.4, hakuna kilichojificha pengine.

Volti 1.6 kwa ampea 6 ni karibu wati 10. Pasi ndogo ya kulehemu vifaa vya elektroniki ina wati 30 tu. Kwa maneno mengine, theluthi ya pasi ya kulehemu ilikuwa inawaka ndani ya tepu, kila siku pampu ilipofanya kazi. Nilipoifungua, gundi ya tepu ilikuwa imeyeyuka na kunata kama asali, nyuzi za shaba zilikuwa nyeusi, na ganda la waya lilikuwa limekauka na kupasuka kiasi cha sentimita mbili kila upande.

Hapo watu wengi hukosea namna moja: wanakwangua nyuzi nyeusi kwa kisu na kuzisokota upya. Weusi ule umeingia katikati ya nyuzi, na shaba iliyopikwa huwa laini na dhaifu. Kata waya urudi nyuma mpaka ukutane na shaba inayong'aa, hata kama utalazimika kuongeza kipande. Mimi nilikata sentimita sita kila upande, nikaongeza waya wa unene uleule, nikabana kwa mirija ya shaba ya kuungia na koleo lake, nikavalisha mpira wa kusinyaa wenye gundi. Kila jointi ikasoma 0.02 au pungufu. Pampu ilipata volti 11.7 na kuvuta ampea 7, na maji yakapanda. Betri ya zamani haikuwa na kosa lolote.

Dalili ya pili: jointi inapata moto, ganda linabadilika rangi au kunanuka

Joto la jointi hupanda kwa mraba wa ampea. Ukiongeza ampea maradufu, joto linakuwa mara nne. Ndiyo maana konekta iliyobeba taa miaka mitano bila neno huyeyuka wiki ileile unapoungia pasi au hita. Ganda la kawaida la plastiki ya PVC limetengenezwa kwa joto la nyuzi 70 za Selsiasi. Likivuka hapo muda mrefu linakuwa gumu, linapasuka, na shaba inabaki wazi.

Chanzo kinachotokea sana ni skrubu ambayo haikukazwa, au iliyokazwa juu ya ganda badala ya shaba. Hili la pili lina hila yake: waya unavutika na kushika vizuri kabisa, lakini kilichobanwa ni plastiki. Legeza skrubu, toa waya, tazama alama ya skrubu imekaa wapi.

Kinachofuata ni kile ambacho wengi hukifanya kwa nia njema: kulehemu ncha ya waya wa nyuzi kabla ya kuiingiza kwenye skrubu. Inaonekana safi, hakuna uzi unaochomoza, na ukiikaza inashika kweli. Lakini lehemu ni metali laini. Ikikaa chini ya mgandamizo inatambaa polepole, kama nta iliyoegemewa na jiwe, na baada ya miezi skrubu inakuwa haina cha kukaza. Jointi inapata joto, joto linailainisha lehemu zaidi, na mambo yanazidi kuharibika. Dawa ni kukata ncha hiyo yote iliyolehemiwa na kuvalisha feruli, yaani kale kamrija kembamba ka shaba kanakobanwa juu ya nyuzi zikawa kitu kimoja. Kama huna feruli, ni afadhali nyuzi tupu zilizosokotwa kidogo na kukazwa vizuri kuliko ncha ya lehemu.

Chanzo cha tatu ni konekta ndogo kuliko mzigo. Konekta nyingi zimeandikwa ampea na unene wa waya ubavuni mwake. Soma. Zile za plastiki laini zinazokatwa kama biskuti kutoka kwenye mstari mmoja zipo za ukubwa tofauti zinazofanana sana kwa macho.

Cha nadra, lakini cha hatari kuliko vyote, ni waya wa aluminiamu kuunganishwa na wa shaba kwenye konekta ya kawaida. Aluminiamu hufunikwa na utando wa oksidi ambao haupitishi umeme, hutambaa chini ya skrubu, na ikigusana na shaba penye unyevu huliwa. Utaitambua kwa rangi ya fedha hadi katikati ya uzi. Shaba iliyopakwa bati nayo ni nyeupe kwa nje, lakini ukiikwangua utakuta wekundu ndani.

*Acha na uite fundi umeme mwenye leseni* iwapo jointi iliyoungua ni ya umeme wa nyumbani na ipo ndani ya ukuta au dari, iwapo ukuta wenyewe una joto au doa la moshi, iwapo waya ni wa aluminiamu, au iwapo kilichoungua kiko kwenye boksi kuu au kwenye mita. Usiendelee kukitumia kifaa hicho huku ukimsubiri.

Dalili ya tatu: inakatika na kurudi, hasa ukitikisa

Kwanza tikisa kwa utaratibu. Washa kifaa, shika waya sentimita kumi kutoka kwenye jointi, upinde taratibu, kisha sogea. Kwa umeme wa nyumbani usifanye hivi. Kwa volti 12 hakuna shida.

Taa ikizimika unapopinda pale ambapo lehemu inaishia na waya laini unaanza, hiyo ndiyo hadithi ya kawaida kuliko zote. Lehemu inapoyeyuka hunyonywa na nyuzi na kupanda chini ya ganda, pengine nusu sentimita, pengine zaidi. Sehemu hiyo inakuwa ngumu kama msumari. Mtikisiko wote wa waya unakusanyika kwenye mstari mmoja, na nyuzi zinakatika moja baada ya nyingine. Nilipoanza kazi nililehemu nyaya zote za taa za nyuma za trela moja, nikajisifu. Haukupita mwaka zikarudi zimekatika karibu zote, na zote mahali pamoja: milimita moja baada ya lehemu. Jointi zangu zilikuwa nzima kabisa. Waya ndio uliokufa.

Kwa hiyo kitu kinachotetemeka, kama gari, trela, jenereta au pampu, hubanwa, hakilehemiwi. Kama lazima ulehemu, funika kwa mpira wa kusinyaa unaovuka lehemu angalau sentimita mbili kila upande, kisha funga waya kwenye kitu kigumu pande zote mbili ili jointi yenyewe isipinde.

Ukipinda na lolote lisitokee, lakini ukivuta kidogo ndipo inakatika, tatizo ni kubana. Vuta kwa nguvu za mkono. Waya ukichomoka kwenye temino, tazama jinsi ulivyotoka. Nyuzi zikiwa duara na nzima kama zilivyoingia, temino haikuzigandamiza: ama ilibanwa na koleo la kawaida, ama ni kubwa kuliko waya. Zikiwa zimekatika, ilibanwa kupita kiasi, au zilijeruhiwa wakati wa kuchuna ganda.

Rangi za temino zenye plastiki zina maana, si mapambo. Nyekundu ni ya waya wa milimita za mraba 0.5 hadi 1.5, buluu ni 1.5 hadi 2.5, njano ni 4 hadi 6. Ukiweka waya wa 1 kwenye temino ya buluu, hata koleo bora halitaijaza nafasi iliyobaki. Na tundu la koleo nalo lina rangi yake. Koleo lenye meno ya kukatalia, lile lisiloachia mpaka ufikishe mgandamizo kamili, linamaliza ugomvi huu, kwa sababu halikuruhusu kubana nusu.

Temino iliyobanwa sawasawa, ukiikata katikati kwa msumeno mwembamba, huoni nyuzi: unaona kipande kimoja cha shaba chenye mistari hafifu. Hakuna nafasi ya hewa, kwa hiyo hakuna kutu ndani. Kabla ya kazi kubwa mimi huitoa sadaka temino moja nikaikata hivyo. Ikiwa nyuzi bado zinaonekana duara na vitundu katikati yake, koleo au ukubwa haufai.

Usimalizie temino iliyobanwa kwa kuimwagia lehemu "iwe imara zaidi". Ukiibana vizuri lehemu haina pa kuingia, inachofanya ni kupanda kwenye waya na kutengeneza msumari ule tuliouzungumzia. Ukiwa umeibana vibaya, unaficha ubaya tu.

Kitu kimoja kidogo: temino hizi ni za waya wa nyuzi. Waya wa uzi mmoja mgumu, ule wa kwenye kuta, hauachi kujaribu kurudi umbo lake na hulegea ndani yake. Huo ni wa skrubu au konekta ya kusukumia.

Dalili ya nne: lehemu haishiki, inafanya vidonge au inabanduka

Hapa chanzo cha kwanza ni uchafu, na cha pili ni kuipasha moto lehemu badala ya kuupasha waya. Lehemu ya bati na risasi huyeyuka kwenye nyuzi 183 hadi 190 hivi, isiyo na risasi huhitaji kama 220. Ukiigusisha kwenye ncha ya pasi itayeyuka mara moja na kudondokea waya baridi, ikae juu yake kama tone la maji juu ya jani la gimbi. Weka pasi upande mmoja wa jointi na lehemu upande wa pili. Waya wenyewe ukiiyeyusha, itazama kati ya nyuzi na utaona umbo la nyuzi chini yake. Ikibaki bonge la mviringo, haikushika.

Waya ukiwa mnene, wa milimita za mraba 4 kwenda juu, pasi ya wati 30 haiwezi. Shaba inakimbiza joto kuliko pasi inavyoleta, nawe unabaki umeshikilia mpaka ganda linayeyuka sentimita kadhaa nyuma huku jointi bado ni baridi. Tumia pasi ya wati 60 au zaidi yenye ncha pana, au ubane tu. Kwa unene huo kubana ni kwepesi na ni bora.

Jointi ikitikisika kabla lehemu haijaganda inakuwa na chengachenga na nyufa. Zamani tuliambiwa lehemu iliyofifia ndiyo mbovu. Lakini isiyo na risasi hufifia hata ikiwa nzuri, kwa hiyo tazama umbo na kingo zake badala ya mng'ao. Kingo zikiwa zimetandaa na kukonda juu ya shaba, imeshika. Zikiwa zimejikunja kama bonge, rudia.

Na dawa ya kulehemu: tumia ile ya utomvu, ambayo mara nyingi ipo tayari ndani ya waya wa lehemu. Dawa yenye asidi, ile ya mabomba na mabati, hufanya lehemu ishike ajabu siku ya kwanza. Baada ya miezi nyuzi zinakuwa kijani na kukatika kama uzi mbovu. Ukikuta jointi ya namna hiyo, kata yote.

Kulehemu kuna mahali pake: ubao wa elektroniki, spika, nyaya nyembamba za vihisi, mahali pasipotembea na penye ampea chache. Pasipo pake ni kwenye nyaya za mzigo mkubwa. Jointi ikipata joto kwa sababu yoyote, lehemu inaweza kulainika hadi kuachia, na kama waya haukusokotwa au kubanwa kwanza, hakuna kingine kinachoushika. Lehemu haipaswi kuwa ndiyo inayobeba uzito wa waya.

Dalili ya tano: kijani au unga mweupe kwenye jointi

Maji yameingia. Swali ni kwa njia gani. Mara nyingi ni tepu ya plastiki kutumiwa nje. Tepu huzuia mkono wako kugusa shaba, haizuii maji. Yakishaingia, inayahifadhi. Mara nyingine maji hayapiti kwenye jointi hata kidogo. Yanaingia mwisho wa waya ulio wazi kule juu na kuteremka kati ya nyuzi kama kwenye mrija, kwa hiyo unaziba jointi kila mwezi na kutu inarudi. Chuna ganda sentimita kumi juu ya jointi. Ukikuta weusi huko pia, badilisha waya, na ule mpya uupe kitanzi kinachoning'inia chini kabla ya kuingia kwenye kifaa ili matone yadondokee hapo.

Dawa ya nje ni temino ya kubana yenye mpira wa kusinyaa wenye gundi ndani. Pasha kutoka katikati kwenda kingo, na uache tu pale gundi inapochungulia pande zote. Gundi isipoonekana, haijaziba. Jointi inayolala ndani ya maji, kama ya pampu ya kisimani, ina seti yake maalumu ya kuungia. Usiibunie mbadala.

Dalili ya sita: sakiti breka inaanguka au fyuzi inakatika

Ikianguka papo hapo, kuna uzi unaogusa upande wa pili. Kagua uzi mmojammoja uliochomoza nje ya konekta. Kwa nyaya mbili zinazokwenda pamoja, usiweke jointi zake mahali pamoja. Zipishanishe sentimita chache, ili hata vifuniko vikitoboka zisikutane.

Usiweke fyuzi kubwa zaidi "kuona kama itahimili". Itahimili, na kitakachokatika ni waya. Breka ikianguka tena baada ya kuirudisha mara moja, usiirudishe mara ya pili: mwite fundi. Na ukihisi kutetemeshwa na bomba, sinki au bodi ya kifaa, zima umeme wa nyumba nzima kwanza, halafu ndipo umpigie.

Kwa hiyo jointi gani iende wapi?

Mimi hujiuliza maswali manne kwa mpangilio huu. Je, itatetemeka au kupinda? Bana. Je, italoa? Bana kwa temino yenye gundi. Je, itafunguliwa tena, kama ya taa au swichi? Konekta: ya skrubu kwa waya wa uzi mmoja au wenye feruli, au ya kibawa cha kuinua, ambayo hupokea nyuzi na uzi mmoja pamoja. Zile za kusukumia zisizo na kibawa zinataka waya mgumu, nyuzi laini hujikunja mlangoni. Chuna ganda kwa urefu ulioandikwa ubavuni mwa konekta, kisha hakikisha kwa macho kwamba shaba imefika mwisho. Je, ni nyembamba, imetulia, na haina haja ya kufunguliwa? Lehemu.

Kwa umeme wa nyumbani, jointi yoyote, hata nzuri vipi, ikae ndani ya boksi lenye kifuniko, mahali panapofikika. Ile iliyosokotwa, ikafungwa tepu na kuzikwa kwenye plasta haina dawa ya kuirekebisha. Inachimbuliwa, au waya unavutwa upya kutoka boksi hadi boksi.

Ukishamaliza, rudia kipimo cha volti juu ya jointi kifaa kikiwa na mzigo kamili, andika namba kwenye kipande cha tepu na ukibandike kando yake. Mwakani ukikuta 0.02 imekuwa 0.15, utaifungua ikiwa bado baridi.